Probox, Corolla 110 au Alto: gari lipi linafaa shule ya udereva?

Anayetaka kufungua shule ya udereva huuliza kwanza bei ya gari, kisha ulaji wa mafuta, kisha kama spea zinapatikana. Ni maswali ya haki, lakini mimi ningeanzia chini ya dashibodi. Gari la shule hufungwa pedali za pili upande wa mwalimu, na namna zinavyofungwa ndiyo itakayoamua klachi itakaa muda gani. Watu huzichukulia pedali hizo kuwa jambo la usalama na klachi kuwa jambo la gereji. Kwenye gari la kufundishia mambo hayo mawili yamefungwa kwenye chuma kimoja.

Nalinganisha magari matatu, yote ya gia za mkono. La kwanza ni Toyota Probox ya toleo la kwanza yenye injini ya 1NZ-FE, cc 1500. La pili ni Toyota Corolla tunayoiita 110, ya miaka ya 1995 hadi 2000, yenye injini ya 5A-FE ambayo nayo ni cc 1500. La tatu ni Suzuki Alto ya India, ile ndogo ya cc 796 yenye silinda tatu. Wanafunzi wengi watakuomba IST kwa sababu ndilo gari wanalotarajia kununua, ila IST zinazotujia kutoka Japani ni otomatiki. Hiyo inafaa kuwa gari lako la pili, si la kwanza.

Pedali za mwalimu zinavyoua klachi

Mwalimu hukaa kushoto na anahitaji pedali mbili, klachi na breki, kwa mpangilio uleule wa upande wa mwanafunzi. Pedali ya mafuta haihitajiki upande wake, na ningekataa kufungiwa, maana mguu ukikosea katika taharuki huongeza mwendo badala ya kuupunguza.

Mafundi wetu hutumia njia mbili. Ya kwanza ni fimbo ya chuma inayopita kutoka kushoto kwenda kulia chini ya dashibodi, ikizunguka ndani ya bushi: mwalimu akikanyaga, fimbo inajizungusha na kusukuma mkono wa pedali ya mwanafunzi. Ya pili ni waya ndani ya ganda lake, kama waya wa breki ya baiskeli. Waya hufungika kirahisi kwenye nafasi finyu, lakini hurefuka kwa matumizi na unahitaji kukazwa kila mara. Fimbo hairefuki. Ubaya wake ni kwamba ikiwa nyembamba hujipinda: pedali ya mwalimu inafika sakafuni huku ya mwanafunzi ikiwa bado nusu ya njia. Kwenye breki, hapo ndipo mtu anapogongwa.

Sasa njoo kwenye klachi. Probox na Corolla 110 zina klachi ya mafuta: pedali inasukuma masta ya juu, mafuta yanapita kwenye bomba, masta ya chini inasukuma uma wa beringi. Ndani ya masta ya juu kuna tundu dogo la kurudishia mafuta kwenye kikopo, nalo hufunguka pale tu pedali inapopanda hadi mwisho kabisa. Pedali za mwalimu zina uzito wake. Zikifungwa bila springi ya kuzirudisha, uzito huo unaining'inia pedali ya mwanafunzi na kuishusha kidogo tu, milimita chache ambazo jicho halizioni. Tundu linabaki limezibwa. Asubuhi gari liko sawa. Likishapata moto, mafuta ya klachi yanavimba, hayana pa kurudi, yanasukuma masta ya chini, na klachi inaanza kuachia yenyewe bila mtu kuikanyaga. Injini inapiga kelele, gari haliendi. Ukilipumzisha nusu saa, linapona.

Dalili hiyo, ya gari kuteleza likiwa la moto na kupona likipoa, niliiona kwenye Corolla 110 ya shule moja. Seti ya klachi ilikuwa imeshabadilishwa, na ile mpya ikaanza kuteleza kabla hata kundi moja la wanafunzi halijamaliza mafunzo. Kila mtu alilaumu spea feki. Fundi mzee alipoitwa hakugusa giaboksi. Alichukua rula, akaisimamisha kando ya pedali ya mwanafunzi, akaibonyeza kwa kidole ili asikie mahali inapoanza kukaza. Mchezo, yaani umbali ambao pedali hushuka kabla ya kukaza, haukuwepo kabisa. Pedali ilikaza tangu juu. Akafungua nati mbili, akatenganisha fimbo ya mwalimu, na pedali ikapanda yenyewe. Akapima tena, ukapatikana mchezo wa karibu milimita 10. Alichofanya baada ya hapo ni kufunga springi ya kurudisha kwenye fimbo ya mwalimu na kuacha upenyo mdogo kati ya kidole cha fimbo na mkono wa pedali, ili fimbo iguse pale tu mwalimu anapokanyaga. Klachi pleti ilikuwa imeshaungua, ikabidi inunuliwe nyingine, lakini iliyofuata ilikaa.

Kwa hiyo, fundi wako yeyote akimaliza kufunga, mwambie apime mbele yako. Kwa Toyota hizi mchezo wa pedali ya klachi unatakiwa uwe kati ya milimita 5 na 15, na uwe uleule kabla na baada ya pedali za mwalimu kufungwa. Breki ina ugonjwa huohuo, na yenyewe ina kipimo rahisi zaidi: taa za nyuma. Mwalimu akikanyaga ziwake, akiachia zizime papo hapo. Zikichelewa kuzima au zikibaki zinawaka, pedali haijarudi juu, na pedi zinasugua diski njia nzima. Kisha washa injini, mwalimu akanyage klachi yake hadi mwisho, mwanafunzi aweke rivasi. Ikilia, fimbo haisukumi ya kutosha.

Mwalimu naye aujue mpaka wa pedali zake: zinaweza kukanyaga tu, haziwezi kuinua. Mwanafunzi anayeendesha huku mguu wake umelala juu ya klachi, mwalimu hana chuma cha kumwondoa. Ana mdomo.

Nafasi chini ya dashibodi

Hapa Probox inashinda wazi. Liliundwa kuwa gari la kazi, na mbele ya miguu ya abiria kuna nafasi pana na kapeti linalofunuka kirahisi. Fundi anaona anachofanya, na fimbo inapata njia bila kugusa masanduku ya hewa wala nyaya. Corolla 110 inawezekana vizuri pia, ila kuna plastiki nyingi za katikati za kufungua na kufunga, na kwa gari la umri huo vishikizo vyake huvunjika, halafu dashibodi inaanza kugonga.

Alto ndiyo yenye shida. Ni gari la upana wa mita 1.5 hivi, na matao ya matairi ya mbele yanaingia kwenye nafasi ya miguu. Mwalimu mwenye miguu mirefu atakaa magoti yakiwa karibu na dashibodi siku nzima, na pedali mbili zikiwa karibu mno anaweza kukanyaga zote kwa kiatu kimoja. Kwenye Alto ningetumia waya badala ya fimbo, na ningekubali kazi ya kuukaza mara kwa mara.

Kwa gari lolote kati ya haya, usikubali mkono wa pedali uchomelewe. Ufungwe kwa kibano cha boliti na nati zenye plastiki ndani, ambazo hazilegei kwa mtetemo. Kuchomelea kunadhoofisha chuma cha pedali pale kinapobeba nguvu zaidi, na siku ukitaka kuliuza gari utauza na chuma chako.

Klachi yenyewe, hasa mlimani

Kinachokula klachi ya shule si kubadilisha gia. Ni hafu klachi: pleti inasugua flaiwili, lile gurudumu zito la injini, huku moja inazunguka kwa kasi na nyingine karibu imesimama. Joto linalotoka hapo hutegemea nguvu inayopitishwa, tofauti ya mizunguko na muda. Hesabu ndogo inasaidia kuona.

Chukua Probox yenye watu wawili ndani, jumla kama kilo 1,200, kwenye mlima wa asilimia 10, yaani unaopanda mita 1 kila mita 10. Mwanafunzi amelishikilia gari kwa hafu klachi bila breki ya mkono. Kwa gia ya kwanza klachi inabeba nguvu ya mzunguko ya kama Nm 22. Akiwa ameipeleka injini kwenye mizunguko 3,000 kwa dakika, joto linalozalishwa pale ni karibu kilowati 7, sawa na pasi saba za umeme zimewekwa juu ya kipande cha chuma chenye ukubwa wa sahani. Akifundishwa kubaki kwenye 1,500, joto linakuwa nusu yake. Akifundishwa breki ya mkono, joto halipo mpaka pale anapoondoka.

Alto kwenye mlima uleule, pamoja na watu wawili, haifiki kilo 900, kwa hiyo kwa mizunguko 3,000 joto lake ni kama kilowati 4 na kidogo. Inaonekana ni afadhali. Lakini pleti yake ni ndogo zaidi, na kuna jambo jingine linaloharibu faida hiyo: injini ya cc 796 ina nguvu ya mzunguko ya Nm 69 tu, wakati 1NZ-FE ya Probox inafika karibu 140. Injini dhaifu inazimika haraka mikononi mwa mgeni. Mwanafunzi aliyezimisha gari mara tatu mbele ya bodaboda wanaopiga honi hujifunza jambo moja, kukanyaga mafuta mengi kabla ya kuachia klachi, na tabia hiyo ndiyo inayounguza pleti.

Probox na Corolla zina uwezo ambao mwalimu mzuri anautumia tangu somo la kwanza. Mahali tambarare, ukiachia klachi polepole bila kugusa mafuta kabisa, kompyuta ya injini au kidhibiti cha sailensi kinaongeza mafuta chenyewe na gari linaanza kutambaa. Mwanafunzi afanye hivyo tena na tena mpaka unyayo wake ujue mahali klachi inaposhika. Klachi haiumii kwa zoezi hilo kwa sababu mizunguko iko chini. Kwenye Alto zoezi hilo linahitaji mguu mwepesi zaidi, ambao mwanafunzi wa siku ya kwanza bado hana.

Kuna tofauti nyingine. Alto inatumia waya wa klachi. Kadiri pleti inavyolika, mchezo wa pedali unapungua, na waya usipolegezwa kwa wakati beringi inaanza kulala juu ya presha pleti saa zote. Kwenye gari la mtu binafsi jambo hilo huchukua miaka. Kwenye gari la shule pleti inalika haraka, kwa hiyo kupima mchezo liwe jambo la kila wiki. Klachi ya mafuta ya Toyota hizi mbili hujirekebisha yenyewe. Wewe utaangalia tu kikopo cha mafuta na kama masta ya chini inavuja. Hiyo masta ya chini iko nje ya giaboksi, inabadilishwa bila kushusha kitu. Ukipewa ofa ya gari jingine nje ya haya matatu, liangalie hilo kwanza, kwa sababu yapo magari ambayo masta hiyo imefichwa ndani ya kengele ya giaboksi, na kuvuja kidogo kunamaanisha kushusha giaboksi nzima.

Siku ya kubadilisha, badilisha vitu vitatu pamoja, pleti, presha pleti na beringi, na flaiwili ipelekwe kuchongwa kama ina madoa ya bluu ya kuungua. Fundi akikuambia beringi ya zamani bado nzima, kumbuka kwamba kazi kubwa ni kushusha giaboksi, na beringi ikifa baada ya mwezi utailipa tena. Aangalie pia sili ya nyuma ya krenki. Tone la oili likifika kwenye pleti, hata klachi mpya itatetemeka wakati wa kuondoka. Spea za klachi ya 1NZ-FE utazipata Gerezani pale Kariakoo, au Kirinyaga Road kwa aliye Nairobi, bila kuzunguka sana, na za Corolla 110 bado zipo. Za Alto ukiwa mkoani, jiandae kuagiza.

Wepesi mikononi

Probox ina usukani wa umeme, madirisha makubwa na umbo la sanduku. Mwanafunzi akigeuka nyuma kurudisha gari, anaona kioo cha nyuma kikiishia mahali gari linapoishia. Hilo lina thamani kubwa kwenye maegesho ya nyuma, kwa sababu mwanafunzi wa Corolla 110 anaona kioo kikiisha lakini buti bado linaendelea, na hajui kwa kiasi gani. Kasoro ya Probox ni kiti: wanafunzi wafupi watahitaji mto mgumu, si wa sponji laini unaozama, kwa sababu mtu akizama urefu wa mguu wake hadi kwenye klachi unabadilika kila akijisogeza.

Alto ndiyo nyepesi kuliko zote kugeuza na inapita popote, ina urefu wa mita 3.4 tu dhidi ya 4.2 za Probox. Ila hakikisha unapata yenye pawa stelingi, maana matoleo ya bei ya chini hayana. Hofu yangu kwa Alto ni kwamba aliyejifunzia gari dogo kiasi hicho atakutana na Noah ya mwajiri wake na kugundua hajawahi kuhesabu kona ya nyuma.

Corolla 110 inaendeshwa kwa utulivu na klachi yake ni laini. Shida yake ni umri. Bushi za waya wa gia zikiisha, lever inalegea, na mwanafunzi anatafuta gia ya kwanza anapata ya tatu. Anazimisha gari, anajilaumu, kumbe kosa si lake. Kabla ya kununua, kaa kwenye kiti cha abiria na mwambie mtu asiyelijua gari hilo aweke gia zote.

Wapi pa kuchunguza kabla ya kulipa

Probox za gia za mkono zinatafutwa, kwa hiyo zipo zilizozaliwa otomatiki zikabadilishwa mtaani. Fungua boneti utafute kibati cha kiwanda, usome mstari wa `TRANS/AXLE`. Kikianza na C, giaboksi ni ya mkono tangu kiwandani. Kikianza na U kwa Probox, au A kwa Corolla, gari lilikuwa otomatiki. Lililobadilishwa vizuri linaweza kutembea, lakini mabano ya pedali ya klachi yamebuniwa na fundi, na wewe unataka kuning'iniza pedali nyingine juu yake. Liache.

Kisha ipime klachi barabarani. Ukiwa kilomita 40 kwa saa weka gia ya nne na ukanyage mafuta yote. Mizunguko ikipanda kabla ya mwendo, pleti imekwisha. Sikiliza pia gari likiwa limesimama: kelele inayokuja ukikanyaga klachi ni ya beringi ya klachi, kelele inayopotea ukikanyaga inatoka ndani ya giaboksi, na hiyo ni gharama nyingine.

Ningechagua nini

Kwa shule inayoanza na gari moja Tanzania, ningechukua Probox 1NZ-FE iliyotoka kiwandani na gia za mkono, hata kama nitaisubiri. Toyota waliacha gia za mkono kwenye Probox walipoibadilisha mwaka 2014, kwa hiyo unatafuta za kati ya 2002 na 2014. Kwa umri huo jiandae na ushuru wa uchakavu ukiagiza mwenyewe Japani, au nunua iliyo nchini tayari na uichunguze kama nilivyoeleza.

Aliye Kenya hana njia ya kuagiza, kwa sababu huko gari lililopita miaka minane haliruhusiwi kuingia. Atapata Probox ya mkono iliyokwisha kutembea kwenye barabara za Kenya, au ageukie gari dogo. Mji ukiwa tambarare, kama Mombasa au Malindi, Alto yenye pawa stelingi inaweza kufanya kazi hiyo vizuri ikiwa walimu si warefu. Ukiwa Nyeri au Eldama Ravine, ambako somo la pili tu mwanafunzi anakutana na mlima, ningeitafuta Probox kwa bidii zaidi.

Corolla 110 ningeinunua kwa masharti matatu: iwe ya mtu ninayemjua, giaboksi haijawahi kufunguliwa, na bei iache pesa ya kubadilisha seti nzima ya klachi, bushi za gia na mkanda wa taimingi kabla mwanafunzi wa kwanza hajakaa. Pedali za mwalimu zifungwe mwisho, baada ya klachi mpya kuingia na mchezo wake kupimwa, ili ukikuta umepungua ujue umepungukia wapi.